Slaidi ya Baiskeli

Ofisi yetu ilikuwa Kibaha, nyuma ya maduka ya Kwa Mathias, juu ya duka la muuza magodoro. Lilikuwa shirika dogo la kugawa baiskeli kwa wanafunzi wa sekondari wanaotembea mbali, na vijiji vyetu vingi vilikuwa upande wa Kisarawe. Niliingia pale kama mtunza stoo, kazi ya tairi, minyororo na grisi. Kompyuta nilijifunza mwenyewe wakati wenzangu wakienda kula, kwa kusoma kila kitufe kinasema nini kabla ya kukibonyeza. Kwa njia hiyo nilifika mahali ambapo kila wasilisho la ofisi, yaani zile slaidi za kuonyesha wafadhili ukutani, lilipita mikononi mwangu kabla ya kutoka.

Kabla yangu, wasilisho lilikuwa vita. Kila mtu alikuwa na nakala yake. Mhasibu alisahihisha kwenye yake, afisa mawasiliano kwenye yake, wakatumiana kwa simu, moja ikiitwa "mwisho," nyingine "mwisho kabisa," nyingine "tumia hii." Aliyetuma baadaye ndiye aliyeshinda, na masahihisho ya wengine yakazikwa bila mtu kujua. Nilishuhudia mhasibu akisimama mbele ya wageni kusoma takwimu alizokuwa amezifuta kwa mkono wake mwenyewe.

Nikaweka utaratibu. Faili ni moja, lipo mtandaoni, na hakuna anayelishusha kwenye kompyuta yake. Anayekagua haandiki juu ya slaidi. Anaweka komenti pembeni. Komenti moja, jambo moja. Mimi ndiye ninayebadilisha, kisha ninajibu chini ya komenti hiyo nikisema nimebadilisha nini. Aliyeifungua komenti ndiye anayeangalia kama ameridhika, na ndiye anayeifunga. Kila jioni ninaihifadhi hali ya faili ya siku hiyo kwa jina lake, ili kesho likiharibika tujue pa kurudi.

Watu waliona nasumbua. Sikuwa nasumbua. Programu ya kuandikia barua inaweza kuonyesha sahihisho kwa rangi na kungoja ukubali au ukatae. Hii ya slaidi tuliyokuwa tukitumia haingoji. Ukifuta neno, limefutika. Ukibandika slaidi juu ya slaidi, ya chini imekwenda, na komenti zilizoshikizwa kwenye ile ya chini hazionekani tena juu ya ile mpya. Kwa hiyo wakaguzi wote niliwapa ruhusa ya kuweka komenti tu. Wote isipokuwa mkurugenzi, ambaye aliachiwa ruhusa ya kubadilisha chochote. Mkubwa hafungiwi mlango. Hakuna aliyelisema hilo kikaoni. Lilieleweka tu, hata na mimi.

Mwaka ninaoukumbuka, wafadhili walikuwa wanakuja wenyewe kutoka nje ya nchi, na mkutano ungefanyika Kisarawe, ukumbini, mbele ya wazazi. Wasilisho lilikuwa lile la miaka yote lenye vitu vipya vichache. Slaidi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya msichana aliyekaa juu ya baiskeli nyekundu, mguu mmoja chini, anacheka na kuziba jino lililovunjika kwa kiganja. Chini yake maneno: "Zamani alitembea. Leo anaendesha, na yuko kidato cha tatu."

Msichana huyo alikuwa amekufa. Lori la mchanga lilimgonga akitoka shule, akiwa juu ya baiskeli hiyohiyo.

Aliyeleta habari ni afisa wetu wa vijijini, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkataba wake wa muda mfupi, anayelala huko vijijini siku nyingi kuliko anazolala kwake. Aliandika komenti kwenye slaidi ile. Naikumbuka kwa sababu nilijua nitakuwa mtu wa kuitekeleza: "Mtoto huyu amefariki. Nimekaa na mama yake. Anaomba picha itolewe kwenye mambo yetu yote. Amesema hawezi kuiona mbele za watu."

Mama huyo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Ndiye angepokea baiskeli mpya siku ya mkutano kwa niaba ya wenzake.

Afisa mawasiliano alijibu chini yake kabla sijagusa kitu. Alikuwa binti mjuzi wa kazi yake, na ulimi wake ulikuwa wembe. "Pole kwa familia. Ila huyu ndiye wafadhili wanayemjua. Tuweke nani, jirani yake?"

Afisa wa vijijini akaandika: "Tuweke baiskeli tu. Zipo nyingi zimeegeshwa shuleni, nina picha."

"Baiskeli haina macho, dada. Hakuna anayetoa hela akiangalia usukani."

Kisha mkurugenzi akaingia. Mara nyingi hakuandika komenti. Alipoandika, ofisi nzima ilisoma. "Naona afisa wetu siku hizi ni wakili wa marehemu. Analipwa na nani, sisi au marehemu?"

Mhasibu, ambaye hakuwa na lolote kwenye slaidi hiyo, aliweka kikaragosi kinachocheka hadi machozi. Nilimsikia pia akicheka chumba cha pili.

Afisa wa vijijini hakujibu tena kwenye faili. Alikuja mezani kwangu na mkoba begani, vumbi la njia bado kwenye ndala.

"Kaka, umeona?"

"Nimeona."

"Wanacheka."

"Komenti yako bado iko wazi," nikamwambia. "Ikiwa wazi, jambo lipo. Usiifunge."

"Na yeye akiifunga?"

"Aliyeifungua ndiye anayeifunga."

Siku iliyofuata komenti ilikuwa imefungwa. Jina la mkurugenzi lilikuwa pale, na hakukuwa na jibu. Nikaifungua tena na kuandika chini: "Imerudishwa, jambo halijatekelezwa wala kukataliwa." Niliandika vilevile ambavyo ningemwandikia mtu yeyote. Akaniita.

"Shikamoo mkuu."

"Marahaba. Bwana, wewe unanifungulia mimi?"

"Jambo halijaamuliwa, mkuu. Ukisema picha ikae, nitaandika umesema ikae, nitaacha. Ila yale maneno ya kidato cha tatu si ya kweli tena, na hayo lazima yaguswe."

Akacheka puani. "Mnapenda sana misiba ninyi. Toeni. Fanyeni mnavyotaka, msije mkanililia wageni wakisinzia."

Nikarudi mezani. Nilitoa picha, nikaweka ile ya baiskeli zilizoegeshwa chini ya ukuta wa shule, nikabadilisha maneno yakawa ya wanafunzi wote. Nikajibu chini ya komenti: "Picha imetolewa, maneno yamebadilishwa, kwa idhini ya mkurugenzi." Afisa wa vijijini akaangalia, akaifunga mwenyewe. Kisha akapanda gari kwenda kwa yule mama.

Aliporudi alinieleza. Mama alikuwa amekataa kuja mkutanoni. Alisema wamchague mwingine apokee. Alipoambiwa picha imetolewa, alimuuliza afisa mara mbili.

"Mwanangu, unanihakikishia?"

"Nakuhakikishia, mama. Nimeiona kwa macho yangu haipo."

"Basi nitakuja. Kwa ajili ya watoto wa wenzangu."

Hapo neno la afisa likawa limesimama juu ya kazi ya mikono yangu. Sikulipenda hilo, lakini niliamini utaratibu.

Siku mbili tatu kabla ya mkutano nilifungua faili asubuhi nikaona limebadilika umbo. Herufi zilikuwa kubwa zaidi, rangi nyingine. Mkurugenzi alikuwa na nakala aliyoishusha zamani kwenye laptopu yake, kabla ya mabishano yote. Alikuwa ameifanyia kazi nyumbani, wala si kazi mbaya, kisha akampa afisa mawasiliano slaidi zake azipandishe. Kwa kuwa alikuwa amemwachia akaunti yake, yule binti aliweza kufuta slaidi zetu na kuingiza zake mahali pake. Msichana alikuwa amerudi, anacheka, amefunika jino. Kidato cha tatu.

Masahihisho ya mhasibu yalikuwa yameondoka pia. Alipogundua hakucheka tena.

"Rudisha ya jana," alisema, amesimama nyuma ya kiti changu. "Si unazo? Rudisha yote."

"Nikirudisha yote, nitafuta alichofanya mkuu."

"Na chake kifutike."

"Hapana."

Watu wengi hukosea hapohapo. Historia ya faili ilikuwepo, na hali ya jioni iliyotangulia ilikuwa na jina lake. Kuirudisha ni kubonyeza mara moja, na kila kilichoandikwa baada yake kinatoka mbele ya macho, kizuri na kibaya. Ningekuwa nimemfanyia mkurugenzi alichotufanyia sisi. Badala yake nilitengeneza nakala ya ile hali ya zamani, nikaiweka upande wa kushoto wa kioo, faili la sasa upande wa kulia, nikapita slaidi kwa slaidi. Maneno mapya ya mkurugenzi niliyaacha. Takwimu za mhasibu nilizirudisha juu ya sura mpya. Kwenye slaidi ya baiskeli nilitumia herufi na rangi za mkurugenzi, nikatoa picha, nikarudisha ya ukuta wa shule. Na kwa kuwa komenti za zamani zilikuwa zimepotea machoni pamoja na slaidi zilizofutwa, niliweka mpya, nikamwelekezea mkurugenzi kwa jina lake ili impate kwenye barua pepe: "Picha ya marehemu ilirudi kwa nakala ya zamani. Imetolewa tena kama ulivyoidhinisha. Mama yake atakuwepo ukumbini. Tafadhali usitumie nakala iliyo kwenye laptopu."

Akajibu neno moja. "Nimeona."

Nilikwenda pia kumwambia kwa mdomo, maana neno moja halikunitosha. Alikuwa anavaa koti kutoka.

"Mkuu, faili la mkutano ni lile la mtandaoni. Nitalishusha mimi mwenyewe, kwa kuwa mtandao wa Kisarawe hauaminiki."

"Wewe bwana," alisema, "mkeo lazima awe na subira sana."

Ukumbini tulifika mapema. Wazazi walikuwa wamekwisha kaa, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, khanga zimenyooshwa. Harufu ya mafenesi iliingia dirishani kutoka kwa wauzaji wa nje. Mama yule alikaa mstari wa mbele kwa sababu ya uenyekiti wake. Alikuwa mwembamba, mrefu, uso umetulia. Afisa wa vijijini alimsalimia kwa kupiga magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Hawakupi chakula huko Kibaha?"

"Wananipa maneno, mama."

"Maneno hayashibishi, ila yanajaza tumbo," mama akasema, na wanawake waliomzunguka wakacheka. Alimuuliza afisa kwa jicho mimi ni nani. Akaambiwa ndiye kaka wa mafaili, aliyetoa picha. Mama aliinamisha kichwa kwangu kidogo. Sijui kama niliitikia ipasavyo.

Niliunganisha laptopu ya ofisi na projekta. Faili lilikuwa limefunguka, slaidi ya kwanza ukutani. Wafadhili wakaingia, salamu zikapigwa, dua ikasomwa, na sala. Mkurugenzi akaja pale mezani akatoa flashi mfukoni.

"Toa hilo lako. Weka hii."

"Mkuu, hili ndilo lililosahihishwa."

"Hii ina ule mtiririko niliouzoea."

"Ina picha."

Alikuwa anatabasamu kwa ajili ya wageni waliokuwa wakitutazama, na alisema bila kusogeza midomo sana. "Wewe ni mtunza faili. Mimi ndiye ninayesimama mbele za watu. Weka."

Niliweka flashi. Niliinama karibu naye nikasema, "Basi iruke slaidi ile."

"Nitaona," akasema.

Alizungumza vizuri, siku zote alizungumza vizuri. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kwenda mbele, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka slaidi. Ilipokaribia nilimtazama anipe ishara ya kuruka. Yeye aliwatazama wafadhili akasema, "Na sasa, mnamkumbuka rafiki yetu huyu." Nikaivuka slaidi ile haraka, ikatoka ya takwimu. Akageuka ukutani, akageuka kwangu.

"Rudi moja nyuma," alisema kwenye kipaza sauti. "Mtaalamu wetu ana haraka ya chakula."

Ukumbi ukacheka. Kidole kikarudi nyuma.

Msichana akajaa ukuta mzima. Wafadhili wakatabasamu; mmoja wao alimnyooshea kidole mwenzake, akainua simu akapiga picha. Upande wa wanawake palisikika sauti kama ya mtu aliyevuta pumzi akaisahau. Afisa mawasiliano aliyekuwa nyuma na kamera aliisogeza kupata nyuso za wazazi.

Mama hakupiga kelele. Aliutazama ukuta mpaka mkurugenzi alipomaliza sentensi ya kidato cha tatu. Kisha akageuza uso polepole akamtazama afisa wa vijijini, si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anavyoangalia bidhaa aliyouziwa, kuona imepasuka wapi. Yule dada alikuwa anatikisa kichwa, machozi yanamwagika.

Ilipofika zamu ya kamati kutoa shukrani, mama alisimama. Alisalimia kwa Kiislamu, akasalimia kwa Kikristo, akashukuru kwa baiskeli. Halafu akasema, kwa sauti ileile ya kushukuru, "Yule mliyemwonyesha ni wangu. Hayuko kidato cha tatu. Yuko nyuma ya msikiti." Akakaa.

Mkalimani wa wageni alinyamaza. Mkurugenzi alichukua kipaza sauti akatafsiri mwenyewe, akawaambia wageni kwamba mama anashukuru sana na amemkumbuka binti yake. Kisha kwa Kiswahili, kwetu: "Pole mama. Ni mambo ya kompyuta. Watu wangu wa mafaili wamechanganya nakala."

Nje, wakati wa chakula, mama alinifuata pale nilipokuwa nakunja nyaya za projekta. Hakunisalimia.

"Wewe ndiye mwenye kufuta?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa imefutwa?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Nikamjibu kama ilivyo. "Kwenye faili letu haipo, mama. Tangu nilipoitoa haipo. Ipo kwenye flashi yake, na sasa ipo kwenye simu za wageni."

Alifikiri. "Kwa hiyo wewe uliifuta mahali ambapo hakuna mtu anayeangalia."

Kabla hajaondoka afisa mawasiliano alikuja akimwita, mama, mama mwenyekiti, picha ya makabidhiano. Wafadhili walikuwa wamejipanga, baiskeli mpya zinang'aa mbele yao. Mkurugenzi mwenyewe alimshika mama begani akamsogeza katikati.

"Ashike usukani," alisema. "Mama, shika. Hivyo. Tabasamu kidogo."

Mama alishika usukani kwa mikono miwili. Baiskeli ilikuwa nyekundu. Hakutabasamu.

Wiki iliyofuata slaidi ya baiskeli ilikuwa na picha hiyo. Afisa mawasiliano alikuwa ameipandisha kwa akaunti ya mkurugenzi, ameikata vizuri, wageni wametoka, amebaki mama na usukani, macho yake moja kwa moja kwenye kamera. Maneno yalisema: "Mama anayeamini." Mkurugenzi alikuwa ameandika komenti: "Hii ndiyo yenyewe. Ina macho." Mhasibu aliweka dole gumba.

Chini yake kulikuwa na komenti nyingine, ya afisa wa vijijini. "Mama ameulizwa?" Ilikuwa ya mwisho aliyoiandika. Mkataba wake haukuongezwa, na ruhusa yake ya faili iliondolewa, lakini komenti ilibaki na jina lake. Mkurugenzi aliifunga. Nikaifungua, nikaandika kwamba jambo halijatekelezwa wala kukataliwa. Akaifunga. Nikaifungua.

Hakuniita safari hii. Asubuhi moja nilifungua faili nikakuta vitufe vya kuhariri vimeondoka, na kile cha komenti pia. Niliachiwa kusoma tu. Funguo za stoo zilikuwa zimerudishwa mezani kwangu, na kulikuwa na shehena ya baiskeli ya kupokea.

Wasilisho lile linatumika mpaka leo. Afisa mwingine wa vijijini aliniuliza juzi kama yule mama bado yuko kwenye kamati. Nikamwambia alijitoa siku ileile ya mkutano, na baiskeli za kijiji chake alikuja kuzichukua mtu mwingine.